Koo Linauma na Una Mimba: Cha Kutumia, Cha Kuacha, Hatua kwa Hatua

Koo likiuma wakati wa ujauzito, ugonjwa wenyewe mara nyingi ni mdogo na huisha ndani ya wiki moja bila dawa yoyote kali. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vile vitu vinavyotumiwa haraka haraka ili koo litulie: kidonge cha kumung'unya ambacho ndani yake mna dawa ya maumivu isiyomfaa mtoto, chai ya mitishamba yenye mzizi unaopandisha presha, unga wa mafua unaorudia dawa ambayo mama ameshaimeza saa mbili zilizopita. Nafanya kazi kwenye duka la dawa, na ninachokiona kila msimu wa mafua ni kwamba wajawazito wengi wanajua kuviogopa vidonge, ila hawaziogopi pipi za koo wala chai. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu itahusu namna ya kusoma pakiti. Lakini kwanza tujue koo linaumwa nini.

Hatua ya kwanza: tambua ni koo la aina gani

Koo nyingi zinazouma huletwa na virusi, vilevile vya mafua ya kawaida. Dalili zake huja kwa kundi: pua inatiririka, unakohoa, sauti imekauka, macho yanawasha. Ukiwa na hizo, antibayotiki hazitakusaidia hata ukimeza pakiti nzima, kwa sababu virusi haviuawi na antibayotiki.

Koo la bakteria huja kwa namna nyingine. Homa hufika nyuzi 38 au zaidi, tezi za mbele ya shingo zinavimba na kuuma ukizigusa, mafindofindo yanakuwa na usaha au utando mweupe, na cha ajabu, kikohozi hakuna. Ukiona dalili tatu au nne kati ya hizo, nenda ukapimwe. Kipimo ni kijiti chenye pamba kinachopitishwa kooni, na kile cha haraka hutoa majibu baada ya dakika chache. Nitarudi kwenye bakteria huyu baadaye, kwa sababu kwa mjamzito anastahili kuheshimiwa kuliko kwa mtu mwingine.

Kuna koo la tatu ambalo watu husahau kabisa, nalo ni la mimba yenyewe. Kadiri tumbo linavyokua, asidi ya tumboni hupanda hadi kooni, hasa ukilala. Mama anaamka koo linachoma, mdomo una uchachu, hana homa, hana mafua, na ikifika saa sita mchana hali imetulia. Kesho asubuhi mambo ni yaleyale. Wengine pua zao huziba tu kwa sababu ya homoni za ujauzito, wanalala wakipumua kwa mdomo, na koo linakauka usiku kucha. Nimewaona kina mama waliokunywa antibayotiki mara mbili kwa koo la namna hii. Dawa yake ni kumaliza kula ikiwa bado muda wa saa tatu hivi kabla ya kulala, kuinua kichwa na kifua kwa mito, kulala ubavu wa kushoto, kusafisha pua kwa maji safi ya chumvi yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na ikibidi, dawa ya kiungulia ambayo mfamasia amethibitisha kuwa inafaa kwa mimba. Pipi za koo hapa hazifanyi kitu.

Hatua ya pili: anza na chumvi, maji na asali

Chemsha maji kisha yaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Kwenye glasi moja, yaani mililita 250 hivi, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi na ukoroge hadi iyeyuke. Chukua fundo, inua kichwa, sukutua nalo koo kwa sekunde ishirini au thelathini, halafu teme. Rudia hadi glasi iishe. Fanya hivyo mara nne au tano kwa siku, na hasa kabla ya kulala. Kosa ninalokutana nalo ni kuongeza chumvi kwa kudhani kwamba ikiwa nyingi itaua vijidudu. Chumvi nyingi inakausha koo na kulichoma zaidi. Kosa la pili ni kuyameza yale maji. Mwenye presha ya mimba hahitaji chumvi ya ziada tumboni.

Asali ni salama kwa mjamzito. Onyo mnalolisikia kuhusu asali linamhusu mtoto mchanga aliyekwisha kuzaliwa, ambaye hajatimiza miezi 12, kwa sababu utumbo wake bado hauwezi kuzuia mbegu za bakteria zinazoweza kuwemo kwenye asali. Utumbo wa mtu mzima unaziweza, na mbegu hizo hazimfikii mtoto aliye tumboni. Kijiko kimoja cha chai, ukiilamba polepole au ukiikoroga kwenye maji ya vuguvugu, hulainisha koo na kupunguza kikohozi cha usiku. Mwenye kisukari cha mimba ahesabu: kijiko kikubwa kimoja cha asali kina sukari ya gramu 17 hivi, na ukikitumia mara nne kwa siku vipimo vyako vya damu vitaonyesha. Kwake yeye maji ya chumvi na barafu ya kumung'unya ni bora zaidi.

Limau halina ubaya, ila kama koo lako ni la asidi utakuwa unamwagia petroli kwenye moto. Tangawizi mbichi iliyopondwa na kutiwa kwenye kikombe cha maji moto inafaa pia, kwa kiasi cha mapishi: vipande viwili au vitatu vyembamba kwa kikombe, vikombe viwili kwa siku vinatosha. Vidonge vya tangawizi iliyokolezwa ni jambo jingine, na mama anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asivitumie bila kumuuliza daktari wake. Kitunguu saumu na manjano kwenye chakula havina tatizo.

Kuhusu kujifukiza: mvuke huleta nafuu ya pua, lakini koo halipati faida kubwa, na sufuria ya maji yanayochemka mbele ya tumbo la mimba, chini ya blanketi, ni ajali inayosubiri kutokea. Simama bafuni maji ya moto yakitiririka, mlango umefungwa, dakika chache. Inatosha.

Hatua ya tatu: maumivu na homa, parasetamoli peke yake

Kama koo linakuzuia kula, kunywa au kulala, au kipimajoto kinasoma nyuzi 38 na kuendelea, tumia parasetamoli. Vidonge vya miligramu 500: kimoja au viwili kwa wakati mmoja, subiri angalau saa nne kabla ya kurudia, na usivuke vidonge 8 ndani ya saa 24. Hivyo 8 ni ukomo, si lengo. Mwenye uzito chini ya kilo 50 au mwenye ugonjwa wa ini apangiwe kiwango cha chini na mtaalamu. Tumia kiasi kidogo kinachokuletea nafuu, kwa siku chache, kisha acha. Na kama homa haishuki ndani ya siku moja, usiendelee kuifunika kwa vidonge, nenda ukapimwe. Ukiwa mahali penye malaria usisubiri hata hiyo siku moja, kwa sababu homa ya mjamzito ni ya kupimwa malaria siku hiyohiyo, hata kama koo nalo linauma.

Wapo wanaoacha homa iwake kwa kuogopa parasetamoli, kutokana na habari kwamba husababisha usonji. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa Uswidi uliohusisha watoto zaidi ya milioni 2. Walipolinganishwa watoto wa mama mmoja, ambaye mimba moja alitumia dawa hiyo na nyingine hakutumia, uhusiano na usonji haukuonekana. Homa kali yenyewe, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, inajulikana kuwa na hatari kwa mtoto. Kwa hiyo ukiwa na homa, kumeza parasetamoli ni kumkinga.

Hatua ya nne: soma pakiti kabla ya kuweka kitu mdomoni

Hapa ndipo penye kazi. Jina kubwa lililoandikwa mbele ya boksi ni la biashara, halikuambii kilichomo. Geuza boksi, tafuta maandishi madogo yanayotaja viambato, na usome jina la dawa yenyewe na kiasi chake kwa miligramu.

Kundi la kwanza la kuliepuka ni dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ya kutuliza maumivu. Sababu iko kwa mtoto. Kuanzia kati ya mimba, maji anayoogelea ndani yake yanatokana kwa sehemu kubwa na mkojo wake. Dawa hizi hupunguza kazi ya figo zake, mkojo unapungua, na maji ya uzazi yanapungua nayo. Mnamo Oktoba 2020, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba zisitumike kuanzia wiki ya 20 isipokuwa kwa maelekezo ya daktari. Mimba ikisogea hadi wiki ya 30 hivi, hatari ya pili inaongezeka: kuna mshipa karibu na moyo wa mtoto unaopitisha damu kando ya mapafu, ambao hutakiwa kubaki wazi hadi azaliwe, na dawa hizi zinaweza kuufanya uzibe mapema. Kabla ya wiki ya 20 pia sioni sababu ya kuzigusa wakati parasetamoli ipo.

Jambo moja lisichanganywe. Kama daktari amekuandikia aspirini ya kiwango kidogo, kati ya miligramu 75 na 150 kwa siku, kwa ajili ya kuzuia kifafa cha mimba, endelea nayo kama ulivyoelekezwa. Hiyo ni tiba tofauti na kiwango tofauti.

Sasa, wajawazito wengi ibuprofeni wanaijua na kuikwepa. Wanayokutana nayo bila kujua ni flabiprofeni, ndugu yake wa damu, ambayo huwekwa ndani ya vidonge vya kumung'unya vya koo, kawaida miligramu 8.75 kwa kila kimoja. Pakiti ina rangi nzuri, ladha ni ya asali na limau, na inakaa rafu moja na pipi za koo za kawaida, wakati mwingine kwa jina lilelile la biashara lenye neno moja la ziada linaloashiria ukali. Ukisoma nyuma utakuta neno linaloanza na herufi F-L-U-R-B-I. Rudisha rafuni. Vivyo hivyo dawa ya kupuliza au kusukutua koo ambayo kiambato chake kinaanza na B-E-N-Z-Y-D: ni ya ukoo huohuo, na kwa mjamzito haishauriwi bila daktari.

Ya kusukutua yenye povidoni iodini, ile dawa ya rangi ya kahawia, iache pia. Iodini hupenya kwenye utando wa mdomo na koo, huvuka kondo la nyuma, na ikiwa nyingi inaweza kuzuia tezi ya shingo ya mtoto isifanye kazi yake. Watu huiona salama kwa kuwa haimezwi. Maji ya chumvi yanakupa nafuu bila wasiwasi huo.

Unga na vidonge vya mafua vyenye mchanganyiko navyo viache. Ndani yake mara nyingi mna parasetamoli pamoja na dawa ya kuzibua pua, pseudoefedrini au fenilefrini, ambazo hubana mishipa ya damu na zinaweza kupandisha presha. Dawa za kikohozi zenye kodeini au kileo nazo zisiguswe kwa uamuzi wako mwenyewe.

Pipi za koo za kawaida zisizo na dawa ya maumivu, zenye asali, menthol kidogo au glisarini, kwa kiasi zinakubalika. Zenye viuavijidudu vyepesi hutumiwa na wajawazito wengi, ila muulize mfamasia kwanza, na uangalie sukari.

Mfano mmoja, tuupitie wote

Mama ana mimba ya wiki 31. Koo limeanza kuuma jana jioni, pua inatiririka, anakohoa, kipimajoto kinasoma 37.6. Mezani ana vitu vitano: parasetamoli ya miligramu 500, unga wa mafua wa pakiti, vidonge vya kumung'unya vyenye ladha ya asali, chai ya mitishamba iliyoandikwa kuwa ni ya kutuliza koo, na amoksilini sita zilizobaki mumewe alipotibiwa jino.

Tunaanza na dalili. Pua, kikohozi, hana homa: ni virusi. Amoksilini zinatoka mezani. Kwa mimba hazina ubaya zikihitajika, ila hapa hazihitajiki, na vidonge sita si dozi ya ugonjwa wowote wa koo.

Tunageuza pakiti ya unga wa mafua. Imeandikwa parasetamoli miligramu 1,000 na fenilefrini. Mama alikuwa amepanga kunywa pakiti tatu kwa siku na kuongeza vidonge viwili vya parasetamoli asubuhi, mchana na usiku. Piga hesabu: pakiti tatu ni miligramu 3,000, vidonge sita ni miligramu 3,000 nyingine. Jumla 6,000, wakati ukomo wa siku ni 4,000. Ini lake lingekuwa linabeba mara moja na nusu ya kiwango cha juu kabisa, na yeye angeamini amekunywa "dawa kidogo na kinywaji cha moto". Unga unatoka mezani.

Vidonge vya kumung'unya: nyuma kuna flabiprofeni miligramu 8.75. Wiki 31. Vinatoka. Alishamung'unya kimoja usiku, na akaanza kulia aliposikia. Nilichokuwa na cha kumwambia mama wa namna hii ni hiki: kidonge kimoja hakiwezi kuchukuliwa kama siku kadhaa za matumizi. Acha, usirudie, mwambie mkunga wako ili aandike, na uangalie mtoto anavyocheza kama kawaida yake.

Chai: kiambato cha kwanza kimeandikwa neno linaloanza na G-L-Y-C-Y. Hiyo ni likorisi, na nitaieleza sasa hivi. Inatoka.

Kinachobaki mezani ni parasetamoli tu. Atasukutua chumvi mara nne au tano, atalamba asali kabla ya kulala, atakunywa vitu vya vuguvugu mara kwa mara, na vidonge viwili vya parasetamoli usiku kama koo linamnyima usingizi. Apime joto asubuhi na jioni. Siku ya tatu koo linapaswa kuwa linaelekea nafuu. Likizidi, au joto likifika 38, anakwenda kupimwa.

Hatua ya tano: mitishamba, na kwa nini "ya asili" si jibu

Kanuni ninayowapa kina mama ni kutazama kiasi na namna kitu kilivyotengenezwa. Kiungo kinachotiwa kwenye chakula kwa kiasi cha chakula, kikubali. Kitu hichohicho kikikamuliwa mafuta, kikikolezwa kuwa matone, kapsuli au maji mazito ya kuchemshwa kwa saa nyingi, kimekuwa dawa, na dawa hupimwa kama dawa. Karafuu mbili kwenye chai ni kiungo. Mafuta ya karafuu yanayomezwa ni dawa kali. Habasoda iliyonyunyizwa kwenye mkate si sawa na kijiko cha mafuta yake kila asubuhi.

Likorisi, ule mzizi mtamu, ndiyo ninayotaka uikumbuke zaidi, kwa kuwa imejificha kwenye chai za koo, pipi za koo na dawa za kikohozi zinazouzwa kama vitu vya kawaida. Ina kiambato kinachoitwa glisirizini. Kwa mama, hufanya mwili ushikilie chumvi na maji na kupoteza potasiamu, presha ikapanda na miguu ikavimba. Kwa mtoto kuna jambo la ndani zaidi. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachovunja homoni ya msongo ya mama, kotisoli, ili isimfikie mtoto kwa wingi. Glisirizini hukizuia kimeng'enya hicho. Watafiti wa Ufini, ambako likorisi huliwa sana kama peremende, waliwalinganisha watoto ambao mama zao walitumia glisirizini miligramu 500 au zaidi kwa wiki wakati wa mimba na wale ambao mama zao walitumia kidogo au hawakutumia, na wakaona tofauti katika uwezo wa kufikiri na tabia. Pipi moja haifikishi kiasi hicho. Lakini vikombe vinne vya chai ya koo kwa siku, pamoja na pipi zake, kwa wiki nzima, ni hesabu nyingine, na pakiti mara nyingi haitaji kiasi kilichomo.

Mingine nitaipitia kwa haraka. Mshubiri usinywewe: utomvu wake wa njano huharisha kwa nguvu na unaweza kuamsha mikazo ya tumbo la uzazi. Majani na mafuta ya mwarobaini yasimezwe, kwa sababu kwenye majaribio ya wanyama yameharibu mimba. Pakanga na manemane, hata kwa kusukutua, waachie wasio na mimba. Mafuta ya mkaratusi hayamezwi na mtu yeyote, mwenye mimba au asiye nayo; matone kidogo tu ni sumu. Dawa za koo za kupuliza zenye mmea wa seji kwa kiasi cha dawa zina thujoni, ambayo haifai kwenye mimba. Na mchanganyiko wowote wa chupa isiyo na lebo, hata aliyeutengeneza awe mtu unayempenda na kumheshimu, usiunywe. Mama mkwe akikuletea, pokea kwa heshima, mshukuru, mwambie kliniki wamekukataza kutumia kitu bila wao kujua. Si uongo, na hakuna atakayeumia.

Hatua ya sita: bakteria akithibitishwa, maliza dozi

Kipimo kikionyesha bakteria wa koo, penisilini au amoksilini ndiyo dawa ya kwanza, kwa kawaida kwa siku 10, na imetumika kwa wajawazito kwa miongo mingi. Koo litatulia siku ya pili au ya tatu. Endelea hadi mwisho. Baada ya saa 24 za dawa uwezekano wa kuwaambukiza wengine unashuka sana. Kama umewahi kuvimba uso au kushindwa kupumua kwa penisilini, sema kabla hujaandikiwa, zipo nyingine.

Antibayotiki za kukataa kuanza mwenyewe ni hizi: doksisaiklini na jamaa zake za tetrasaiklini, ambazo kuanzia kati ya mimba huingia kwenye meno na mifupa ya mtoto na kuyatia rangi meno yake, siprofloksasini, na kotrimoksazoli, ambayo hushindana na foliki asidi katika miezi ya kwanza. Kama unatumia kotrimoksazoli kwa maelekezo ya kliniki yako kwa sababu nyingine, usiikatize kwa kusoma hapa, waulize wao.

Nilisema bakteria huyu anastahili heshima. Karibu na kujifungua, na wiki chache baada yake, anaweza kutoka kooni hadi kwenye njia ya uzazi na kuingia kwenye damu. Uchunguzi wa vifo vya kina mama nchini Uingereza wa 2006 hadi 2008 ulikuta maambukizi ya damu yakiongoza miongoni mwa vifo vilivyotokana moja kwa moja na ujauzito na uzazi, na bakteria wa koo alihusika katika nusu yake. Baadhi ya marehemu walikuwa wameumwa koo au walikuwa na mtoto nyumbani aliyeumwa koo. Ndiyo maana mwenye mimba kubwa au aliyejifungua, koo likimuuma au la mtoto wake likiuma, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kwenda msalani na kabla ya kubadilisha pedi, pamoja na baada yake. Sote tumezoea kunawa baada. Hapa ile ya kabla ndiyo inayozuia mkono uliogusa pua au mdomo usifikishe bakteria kwenye njia ya uzazi.

Usisubiri asubuhi

Nenda hospitali saa hiyohiyo kama huwezi kumeza mate yako mwenyewe na yanadondoka, kama mdomo haufunguki vizuri, sauti imekuwa kama ya mtu mwenye chakula moto kinywani, uvimbe uko upande mmoja, au kupumua kunatoa mlio. Hapo huenda kuna jipu nyuma ya findo, na jipu halitibiwi kwa kusukutua. Nenda pia ukiwa na homa na baridi ya kutetemeka, moyo unaenda mbio, umechanganyikiwa au huna nguvu za kusimama. Ukiona upele mwekundu unaosambaa. Tumbo likibana, maji au damu ikitoka. Au mtoto akipunguza kucheza.

Homa ikija ghafla pamoja na mwili mzima kuuma na uchovu wa kukulaza, fikiria homa ya mafua. Mjamzito huugua vibaya zaidi kuliko wengine, na ipo dawa yake ambayo hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48 za mwanzo, kwa hiyo usizipoteze siku hizo mbili kwa kusubiri nyumbani.

Koo lisilo na hatari yoyote kati ya hizo lakini limepita wiki moja nalo lipelekwe. Ukifika, taja kwanza wiki za mimba, kisha toa mfukoni maboksi yote uliyotumia, pamoja na pakiti ya chai na ya pipi, uyaweke mezani.